Chati ya Kitandani: Namna Alama za Tahadhari Zinavyoonyesha kuwa Hali ya Mgonjwa Inashuka

Mkazi wa Rukuba anayekwenda kumtazama ndugu yake aliyelazwa huona karatasi iliyobanwa kwenye ubao mdogo miguuni mwa kitanda. Karatasi hiyo ina mistari na tarakimu, na kila baada ya saa kadhaa muuguzi huja, hupima, huandika, kisha huondoka. Wengi huidhani ni kumbukumbu ya ofisi tu. Kwa kweli ndiyo karatasi inayoweza kuonyesha, saa nyingi kabla ya mgonjwa kuzidiwa machoni pa watu, kwamba hali yake imeanza kushuka. Katika kisiwa saa hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu mgonjwa anayehitaji kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa, Musoma, lazima kwanza avuke ziwa kwa chombo, na chombo hakiondoki saa yoyote mtu atakayo.

Vipimo vinavyoandikwa katika chati ni sita: idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni katika damu, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, joto la mwili, na hali ya fahamu. Kila kimoja peke yake chaweza kudanganya. Mtu aliyetoka kupanda mlima ana mapigo ya kasi bila ugonjwa, na mvuvi aliyezoea kazi nzito huweza kuwa na mapigo ya taratibu akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo madaktari walibuni njia ya kuvisoma vyote kwa pamoja. Kipimo kilicho katika kiwango cha kawaida hupewa sifuri, na kadiri kinavyoachana na kawaida, kwenda juu au chini, hupewa alama 1, 2 au 3. Alama zote hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo huitwa alama ya tahadhari ya mapema. Mtindo unaojulikana zaidi duniani ulitolewa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2017. Ndio utakaotumika katika maelezo haya, ingawa ipo mitindo mingine.

Kipimo kinachostahili kutazamwa kwanza ni pumzi, nacho ndicho hupuuzwa kuliko vyote. Mwili unaposhambuliwa na maambukizi, au unapopoteza damu, viungo huanza kukosa oksijeni ya kutosha na damu huwa na asidi zaidi. Ubongo huhisi mabadiliko hayo na kuamuru mapafu yafanye kazi kwa kasi. Mgonjwa mwenyewe pengine hajisikii kubanwa. Anazungumza, anakunywa uji, lakini pumzi zake zimetoka 16 kwa dakika zikafika 22. Shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliona kuwa ndilo kipimo kikuu, kwa kawaida huchelewa kubadilika kwa mtu mwenye nguvu, maana moyo huongeza kasi na mishipa hujibana ili kulishikilia. Linapoporomoka, mara nyingi mwili umekwisha kumaliza akiba yake.

Katika mtindo uliotajwa, pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hupata sifuri, 21 hadi 24 hupata alama 2, na 25 au zaidi hupata 3. Tofauti kati ya salama na tahadhari ni pumzi moja tu, na hapo ndipo namna ya kuhesabu inapokuwa jambo kubwa. Muuguzi anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne akipata pumzi 5 huandika 20, yaani alama sifuri. Akipata 6 huandika 24, yaani alama 2. Hakuna namna ya kupata 21, 22 wala 23. Hesabu ya haki ni ya dakika nzima, mkono wa muuguzi ukiwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba bado anapima mapigo, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadili namna anavyopumua. Chati ambayo mstari wake wa pumzi unasoma 20, 20, 18, 20 mchana na usiku, kwa wagonjwa wote wa wodi, haikuhesabiwa bali ilikisiwa. Mganga mfawidhi anayezikagua chati huutambua mstari wa namna hiyo kwa kuutupia jicho mara moja.

Ili jambo hili lieleweke, na tufuate mfano wa mgonjwa mmoja. Mfano ni wa kubuni, lakini tarakimu zake ni za aina inayoonekana wodini kila mara. Mvuvi wa dagaa mwenye umri wa miaka 46 analazwa kisiwani siku ya Jumatatu akiwa na kikohozi, homa na maumivu ya kifua. Tabibu anagundua kuwa ana nimonia na kumwanzishia dawa. Saa 4 asubuhi vipimo vyake ni pumzi 20, oksijeni asilimia 96, shinikizo la juu la damu 124, mapigo 88, joto nyuzi 38.4, na fahamu zake ni kamili. Kinachopata alama ni joto peke yake, alama 1. Jumla kati ya 1 na 4 humaanisha kwamba mgonjwa apimwe tena baada ya saa 4 hadi 6, na muuguzi aamue kama kuna haja ya kufanya hivyo mapema zaidi.

Saa 8 mchana anapimwa tena. Dawa ya kushusha homa imefanya kazi na joto ni 37.6. Ndugu waliomletea chakula wanafurahi kwamba mwili umepoa, na mgonjwa mwenyewe anasema anajisikia nafuu. Lakini pumzi ni 22, alama 2. Oksijeni ni 95, alama 1. Mapigo ni 96, alama 1. Shinikizo la 118 halina alama, na joto sasa halina alama. Jumla ni 4. Homa imeshuka na alama zimepanda. Hapa ndipo chati inapoona kile ambacho kiganja cha mkono juu ya paji la uso hakiwezi kukiona, kwani dawa imepunguza joto tu. Ugonjwa uliomo mapafuni unaendelea. Muuguzi haridhiki kwamba 4 bado ni chini ya 5. Anatazama mwendo wa tarakimu kutoka 1 hadi 4, anamjulisha tabibu, na anapanga kupima tena baada ya saa 2 badala ya kungoja jioni.

Saa 10 jioni pumzi ni 24, oksijeni 93, mapigo 108, shinikizo 112 na joto 37.9. Alama ni 2 kwa pumzi, 2 kwa oksijeni na 1 kwa mapigo, jumla 5. Kuanzia 5, mtindo huo unataka mtaalamu mwenye uwezo wa kuamua tiba amfikie mgonjwa haraka, na vipimo virudiwe angalau kila saa moja. Tabibu anafika, anamketisha mgonjwa kwa kumwegemeza mito, anamwekea oksijeni kwa kuwa anahangaika kupumua, anakagua kama dawa za kuua bakteria zimeingia kwa wakati na kama zafaa kubadilishwa, kisha anapiga simu hospitalini Musoma. Katika simu hiyo hasemi tu kwamba mgonjwa “hali yake si nzuri”. Anasoma tarakimu tatu za jumla na saa zake: 1 saa 4, 4 saa 8, 5 saa 10. Daktari aliye upande wa pili anauona mteremko kana kwamba ameishika chati. Rufaa inakubaliwa na chombo kinatafutwa.

Saa 11 jioni, chombo kikiwa kinaandaliwa, vipimo vinarudiwa. Oksijeni sasa inasoma 96, na mtu asiyejua angesema mgonjwa amepata nafuu. Hata hivyo 96 hiyo imepatikana kwa msaada wa mtungi, na mtindo huu hutoa alama 2 kwa mgonjwa yeyote anayetumia oksijeni ya ziada. Pumzi ni 26, alama 3. Mapigo 112, alama 2. Shinikizo 108, alama 1. Pamoja na zile 2 za oksijeni, jumla ni 8. Kuanzia 7 hali ni ya dharura. Shinikizo la 108 kwa mtu mwingine lisingemtisha yeyote. Kwa mtu huyu limeshuka kutoka 124 ndani ya saa 7, pumzi na mapigo vikipanda. Mgonjwa bado anazungumza na kumtambua kila mtu. Anavuka kukiwa bado na mwanga, kwa sababu katika upande huu wa ziwa jua huzama karibu saa 1 kasoro usiku.

Sasa tuondoe chati katika kisa hicho. Saa 8 homa imeshuka, ndugu wameondoka kwa furaha. Saa 10 mgonjwa amechoka, jambo ambalo ni la kawaida kwa mgonjwa. Saa 4 usiku anaanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, na ndipo watu wanapoitana. Wakati huo giza limeingia, na kila mvuvi wa Rukuba anajua kwamba ngurumo na dhoruba za Ziwa Viktoria hupenda usiku. Swali linakuwa kama kuhatarisha watu kadhaa majini kwa ajili ya mmoja, au kungoja alfajiri. Matibabu yaliyohitajika saa 10 jioni ni yale yale, ila saa 6 zimepotea na njia imefungwa.

Safari yenyewe ina hesabu yake. Mashine ya kuzalisha oksijeni inayotumia umeme wa kituo haiendi majini, unahitajika mtungi. Mtungi mdogo wenye lita 680 za oksijeni, ukifunguliwa kwa lita 5 kila dakika, huisha baada ya dakika 136, yaani saa 2 na robo hivi. Muda huo lazima utoshe kumtoa mgonjwa kitandani, kumfikisha mwaloni, kuvuka, kungoja gari upande wa pili na kufika mapokezi. Ndiyo maana muuguzi husoma kipimo cha mtungi kabla chombo hakijaondoka, na ndiyo maana gari huitwa wakati chombo kiko kisiwani bado.

Wapo watakaouliza kama mambo haya yamewahi kujaribiwa nchini, au ni karatasi za Ulaya zilizoletwa Afrika. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walijaribu utaratibu rahisi zaidi katika wodi ya wagonjwa mahututi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015. Hawakujumlisha alama. Walichagua vipimo vichache, wakaweka mipaka ya hatari, na kila mpaka ulipovukwa utaratibu ulimwambia muuguzi hatua ya kuchukua papo hapo: oksijeni, maji ya mshipani, kumlaza mgonjwa vizuri, kumwita daktari. Kabla ya hapo dalili nyingi za hatari ziliandikwa kisha hazikufuatwa na tiba yoyote ya haraka. Baada ya utaratibu kuanza, tiba za haraka ziliongezeka sana, na vifo vilipungua miongoni mwa wagonjwa waliofika wakiwa na shinikizo la chini la damu. Kwa wagonjwa wote wakijumlishwa pamoja, tofauti ya vifo haikuonekana. Tokeo hilo lasemwa wazi hapa ili mtu asidhani karatasi inatibu. Tarakimu iliyoandikwa bila mtu kuchukua hatua haina faida kuliko karatasi tupu.

Mwaka 2017 kundi jingine la watafiti, likitumia taarifa za wagonjwa wa nchi 6 za Afrika, Tanzania ikiwamo, lilitengeneza mtindo wa alama unaolingana zaidi na wagonjwa wa huku. Katika mtindo huo, kupungua kwa fahamu hupewa alama 4, nyingi kuliko kipimo kingine chochote. Joto lililo chini ya nyuzi 36 lina alama 2, ilhali homa haina alama hata moja. Maambukizi ya virusi vya ukimwi nayo yana alama 2. Ndani ya mpangilio huo limo fundisho ambalo familia nyingi hulikosa: mzee, au mtu ambaye kinga yake imepungua, akiwa na maambukizi makali huenda asipate homa kabisa. Mwili wake hupoa. Ndugu wakishukuru kwamba “hana homa”, huenda wanashukuru kwa dalili mbaya.

Vyombo navyo hudanganya. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni huangaza mwanga kupitia nyama na kusoma rangi ya damu. Kidole kilicholowa na kupoa, kama cha mtu aliyetoka kuvuta nyavu alfajiri, hakipitishi damu ya kutosha na kipimo huyumba. Rangi ya kucha na hina nzito huweza pia kukivuruga, na kwa watu wenye ngozi nyeusi chombo hiki wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko ukweli, hivyo 93 ya chombo yaweza kuwa pungufu zaidi ndani ya damu. Muuguzi mzuri huupasha mkono joto, hufuta kucha, hungoja tarakimu itulie, na kama pumzi ziko juu wakati chombo kinasema mambo ni shwari, huziamini pumzi. Mkanda wa kupimia shinikizo uliofungwa juu ya shati, au ulio mdogo kwa mkono mnene, nao hutoa tarakimu isiyo ya kweli.

Kipimo cha sita, fahamu, hakina chombo. Katika mtindo wa London, mgonjwa aliye macho na kujibu sawasawa hupata sifuri, na yeyote aliye pungufu ya hapo hupata 3 mara moja, hata kama pungufu hiyo ni kuchanganyikiwa kidogo kulikoanza leo. Alama 3 katika kipimo kimoja hutosha kumwita tabibu hata jumla ikiwa ndogo. Lakini muuguzi aliyeingia zamu jioni atajuaje kuwa kuchanganyikiwa huko ni kwa leo? Hamjui mgonjwa. Huenda akadhani ni mtu wa maneno machache, au mzee aliyeanza kusahau. Mke wake ndiye anayejua kwamba mumewe hajawahi kukosea jina la mtoto wao wa kwanza, na kwamba tangu adhuhuri ameuliza mara tatu kama karabai zimetiwa mafuta ilhali yuko wodini. Jambo hilo analopaswa kumwambia muuguzi lina thamani ya alama 3 kamili, na hakuna mtu mwingine ndani ya jengo anayeweza kuzitoa.

Kwa hiyo ndugu anayemuuguza mgonjwa anayo haki ya kuuliza: vipimo vya mwisho vilichukuliwa saa ngapi, jumla ilikuwa ngapi, na ile ya kabla yake ilikuwa ngapi? Si kumkosoa muuguzi. Wauguzi wawili wakiwa zamu na wodi imejaa, swali la namna hiyo hukumbusha kitanda kilichorukwa. Ndugu pia anaweza kutazama mwenyewe kama mgonjwa anakata sentensi katikati ili avute pumzi, kama vidole vyake vimekuwa vya baridi, kama hajakojoa tangu asubuhi. Mgonjwa aliyeanza kusinzia asinyweshwe uji wala maji kwa mdomo kabla muuguzi hajamwona, kwani huweza kumpalia na kuingia mapafuni.

Alama zilizoelezwa hapa ni za watu wazima. Mtindo wa London hautumiki kwa aliye chini ya miaka 16 wala kwa mama mjamzito, kwa sababu mtoto hupumua kwa kasi zaidi akiwa mzima, na mimba hubadili mapigo na shinikizo la damu. Hao wana chati zao zenye mipaka tofauti. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, usafiri huombwa kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo.

Yuko pia mgonjwa ambaye alama zake huwa juu siku zote: mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambaye oksijeni yake ya kawaida ni 90, au mwenye moyo unaokwenda kasi kwa miaka. Kwake yeye jumla ya 5 pengine ndiyo hali ya kila siku. Tabibu huandika hilo juu ya chati pamoja na mpaka mpya wa kuitwa, ili wauguzi wasichoke kuitikia kengele isiyo na maana na kisha kuikosa ile ya kweli. Mpaka huo huandikwa na tabibu kwa saini yake. Haubadilishwi na zamu ya usiku kwa sababu tu kengele imelia mara nyingi.

Mgonjwa anapoondoka kisiwani, chati huondoka naye, nakala ikibaki kituoni. Hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana mawimbi hayabagui karatasi, na hukabidhiwa mkononi mwa muuguzi anayesindikiza. Akiwa chomboni huendelea kuhesabu pumzi na kuziandika pamoja na saa, ili daktari wa Kwangwa aone mstari mmoja usiokatika tangu saa 4 asubuhi.